Maiti Harudi Nyuma

Kutoka Kilosa hadi Dodoma nilisafiri kwa gari moshi, daraja la tatu, nimekaa juu ya sanduku langu kwa sababu viti vilikuwa vimejaa wanawake na vikapu vya vitunguu. Dodoma nikalala stesheni. Kesho yake nikapata lori la Mhindi mmoja lililokuwa likienda Iringa na magunia ya chumvi, nikapanda juu ya chumvi. Iringa nikakaa siku kadhaa nikingojea gari, na nilipolipata lilivunjika springi kabla ya Mafinga, tukalala porini tukiota moto wa magogo. Nilipofika Makambako nilikuwa nimeshasahau nilichokuwa nakifuata huko. Nilishuka njia panda, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea huiacha ile ya Mbeya, upepo ukanipiga kifuani, nikajua shati nililokuwa nalo halikushonwa kwa nchi ile.

Nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari na miguu isiyotulia. Wenzangu niliosoma nao walikuwa makarani wa mahakama na walimu. Mimi nilijifunza udereva kwa mjomba wangu, na niliposikia kuwa kampuni moja inayopanda miti ya miwati huko Njombe inatafuta madereva wanaojua kusoma, nikafunga sanduku. Sasa sijafika hata hamsini, lakini vijana wa gereji hapa ninapoishi wananiita mzee, na hunitaka niwaeleze magari yalikuwaje enzi za Mwingereza. Mara nyingi huwa nimechoka, nawajibu kwa kifupi. Leo nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu juzi nimeona kijana wa watu akipiga honi nyuma ya jeneza.

Siku ya kwanza ya kazi nilikabidhiwa kwa dereva mkuu, Mzee Mligo. Alikuwa Mbena, Mlutheri, mtu mfupi mwenye koti la jeshi alilorudi nalo vitani. Alinitazama juu hadi chini.

"Kamwene," akasema. Ndiyo salamu ya kule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko pwani kwenu hakuna sweta?"

"Mimi si wa pwani, mzee. Natoka Kilosa."

"Kwetu sisi, anayekuja bila sweta ni wa pwani. Panda."

Kazi yetu ilikuwa kusomba magome. Mti wa muwati hukatwa, ukabanduliwa gome likiwa bichi, gome likafungwa mafungu kama kuni. Mafungu hayo tuliyatoa mashambani na kuyapeleka kiwandani kuchemshwa dawa ya kulainishia ngozi. Siku nyingine tulipeleka mizigo Makambako, kwenye ghala la kampuni, na kurudi na mafuta, saruji na unga wa vibarua. Lori langu lilikuwa kuukuu. Stata yake ilikufa kabla sijaajiriwa. Hendeli, yaani kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, meno yake yalikuwa yamelika, ikiteleza ilimvunja mtu mkono. Basi gari hilo tuliliwasha kwa kulishtua: unaliachia kwenye mteremko, unaweka gia, unaachia klachi, linakohoa na kuwaka. Kwa hiyo dereva wa gari lile hakuegesha popote ila mahali ambapo pua ya gari inatazama bondeni. Ukizima ukiwa umetazama mlima, umejifunga mwenyewe.

Hayo yote nilijifunza kwa siku chache. Lililonichukua muda ni barabara na watu wake, na zaidi watu wake wanapokwenda kuzika.

Mazishi ya kwanza tuliyokutana nayo yalikuwa karibu na mto, upande wa Njombe. Mzee Mligo ndiye aliyekuwa akiendesha. Aliona watu kwa mbali, akapunguza mwendo kabla sijaelewa kuna nini, akalitoa gari ukingoni na kusimama mbali nao kabisa.

"Mbona mbali hivi?" nikauliza.

"Vumbi. Vumbi letu lifike chini kabla wao hawajafika hapa. Unataka maiti ale vumbi lako?"

Akazima injini, maana palikuwa mteremko. Akashuka, akavua kofia, akaniashiria nishuke. Akasimama upande wa chini wa barabara, si upande wa juu, mikono mbele, macho chini. Jeneza lilikuja mabegani mwa wanaume sita, wengine wakitembea pembeni tayari kuwapokea. Nyuma yao wanaume wazee, kisha wanawake wamejitanda khanga vichwani, wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti za chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka sokoni na kikapu cha viazi kichwani alikitua, akachuchumaa kando yake. Mwenye baiskeli aliteremka, akaigeuza itazame majani, akashika kengele kwa kiganja isije ikalia.

Mimi nimelelewa Kiislamu. Kwetu mpita njia akikutana na jeneza hutia bega lake, akabeba hatua chache, akamwachia mwingine, ni thawabu. Nikapiga hatua moja mbele. Mzee Mligo akanikamata mkono wa shati bila kuinua macho. Mpaka mwanamke wa mwisho alipopita hakuniachia. Huyo wa mwisho ndiye Mzee Mligo aliyemwambia, kwa sauti ndogo, "Poleni, dada." Akajibiwa, "Tumepoa, baba."

Tuliporudi ndani akanieleza. "Huku wabebaji ni ndugu na wakwe, wamepangwa tangu nyumbani. Mgeni akiingiza bega, watajiuliza una deni gani na marehemu. Wewe simama tu. Usisalimu. Ile kamwene yako iache kwenye gari. Usimsemeshe aliyebeba, usimwulize mtu aliyekufa ni nani. Ukitaka kujua, muulize wa mwisho kabisa, na umpe pole kwanza. Usinyooshe kidole. Usikate msafara katikati, hata kama mbuzi wako amekimbilia ng'ambo."

"Na nikiwakuta kwa nyuma?"

"Hupiti. Unasimama, wanaenda, unasogea kidogo, unasimama. Mpaka wachepuke, au wa mwisho akugeukie akushushie kiganja hivi." Alishusha kiganja taratibu kama mtu anayetuliza maji. "Hapo wamekupa njia wenyewe. Unapita polepole, kofia mapajani, honi usiiguse. Wakikupungia wakiwa wanatoka makaburini, hao wamekwisha nawa mikono, hao wasalimie kama watu."

"Na kama gari ndilo limebeba maiti?"

"Funga matawi mabichi mbele. Kila atakayeona atajua."

Hayo ndiyo niliyofuata miaka yangu yote kule. Wasimamizi walikuja na kuondoka. Alikuwako Bwana Mkubwa wa Shamba, ambaye hatukumwona ila akipita na farasi wake. Alikuwako karani wa ghala, Mnyakyusa mmoja aliyependa kutuita kwa filimbi. Na alikuwako Bwana Usafiri, Mwingereza mwembamba, mkubwa wa magari yote, aliyejua Kiswahili vizuri na kuvuta kiko kisichowaka. Huyo alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya kazi yake. Akikuta tairi limechanika hakugomba, aliuliza tu, "Jiwe lilikuwa wapi, na wewe ulikuwa wapi?"

Nimefika sasa kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa majira ya baridi, yale ya umande kuganda juu ya majani asubuhi hata yakalia chini ya viatu. Kwenye ghala la Makambako alifariki kibarua mmoja, Mkinga, kijana wa Ipelele, huko juu Ukingani ambako viazi hulimwa mpaka kwenye mawingu. Kifua kilimshika kwa muda mfupi tu. Jina lake Yona Chaula. Ndugu yake mkubwa, Elia, alikuwa kibarua hapohapo ghalani. Usiku ule Elia hakulia. Asubuhi alikwenda kwa Bwana Usafiri, aliyekuwa amekuja kukagua mafuta, akavua kofia.

"Bwana, naomba gari. Nimpeleke nyumbani."

"Ipelele ni mbali sana, Elia. Makaburi yapo hapa."

"Yapo, bwana. Lakini mama hajui njia ya hapa."

Bwana Usafiri alikisukuma kiko upande wa pili wa mdomo. Akanitazama mimi. "Gari lako litafika?"

"Likiwa halizimwi, litafika mpaka barabara inapokwisha."

"Basi lisizimwe. Nenda, rudi kesho. Na mkikwama, mzikeni palepale mlipokwama. Baridi ni baridi, lakini hata baridi ina mwisho. Umenisikia, Elia?"

"Nimesikia, bwana."

Hilo ndilo Elia alilobeba moyoni safari nzima. Kukwama kulikuwa na maana ya ndugu yake kulala kando ya barabara ya watu, na mama yao kuonyeshwa koti la Yona tu. Alikaa mbele pamoja nami. Nyuma, kando ya jeneza la mbao za masanduku ya chai, walikaa Wakinga wenzao watatu. Tulifunga matawi ya muwati mbele ya radieta, tukaondoka jua likitoka.

Kila tuliyekutana naye alitupisha. Wachunga ng'ombe walisimamisha ng'ombe. Lori lililotoka Songea na tumbaku lilituona kwa mbali, likaegesha, dereva na utingo wakashuka wakavua kofia. Mimi sikuweza kusimama kuwashukuru, wala haikuwa lazima. Elia alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Akasema, "Yona hakuwahi kupishwa na mtu hai. Leo hata gari la tumbaku." Nikaona anataka kucheka na hawezi.

Tulipanda kilima kimoja kirefu kabla ya kufika Njombe. Barabara pale ilikuwa imechimbwa ubavuni mwa mlima, kulia ukuta wa udongo mwekundu, kushoto bonde. Tulikuwa karibu kufika juu, gia ya kwanza, maji yakianza kuchemka kwenye radieta, ndipo nilipoona kofia zinashuka kutoka kileleni. Nyuma ya kofia, jeneza. Nyuma ya jeneza, khanga na wimbo.

"Usisimame," Elia akasema.

"Elia, ni maiti."

"Na sisi tuna maiti! Huu ni mlima. Ukizima hapa umemzika."

"Sizimi. Nasimama tu."

Nilikaza breki ya mkono, nikaacha injini ikiunguruma taratibu, nikamwambia mmoja wa wale wa nyuma aweke gogo chini ya gurudumu. Tukashuka sote, tukavua kofia, tukasimama upande wa bonde. Nilidhani watapita, nasi tuendelee.

Lakini wao walikuwa wameyaona matawi. Mzee aliyekuwa mbele, mrefu, ana fimbo na Biblia kwapani, aliinua mkono. Wimbo ukakatika. Wabebaji wakajibana kwenye ukuta wa udongo na jeneza lao mabegani, wanaume wakavua kofia, wanawake wakachuchumaa. Walikuwa wakitupisha sisi.

Basi tukasimama hivyo, misiba miwili, kila mmoja umeupisha mwenzake, na barabara katikati haina mtu. Sijawahi kuona jambo kama lile tena. Mzee Mligo alikuwa amenifundisha kila kitu, lakini hili hakunifundisha, na nadhani hakuna aliyekuwa analijua. Hatukuweza kusemeshana, maana waliobeba hawasemeshwi. Wao hawakuweza kutuuliza, maana wenye maiti hawaulizwi.

Mwishowe yule mzee alikuja polepole mpaka kwa Elia. Hakumsalimu. Alisema tu, "Piteni, wageni. Ninyi mnakwenda mbali."

Elia akainamisha kichwa. "Hapana, baba. Piteni ninyi. Nimewasikia wanawake wakimtaja mama."

"Ni mama yangu. Huyo wenu ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Basi mtoto atangulie. Mama hawezi kumtangulia mtoto njiani."

"Mtoto hawezi kumpita mama, baba. Kwetu Ukingani hawezi."

"Hata kwetu Ubenani hawezi," mzee akasema, kama mtu aliyeshindwa kwa haki. Mama mmoja kati ya waliochuchumaa akanong'ona, "Watabishana mpaka wafufuke wote wawili," na mwenzake akamfinya.

Wakati huo ndipo injini ilipokufa. Haikuzimwa na mtu. Maji yalikuwa yamechemka, mvuke ukatoka chini ya boneti, ikatetemeka mara mbili, ikanyamaza. Ukimya ulioingia pale nausikia mpaka leo. Elia aligeuka akalitazama gari, halafu akanitazama mimi. Alikwenda akashika ubao wa nyuma ya lori kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifungwe.

Tuliacha radieta ipoe, tukatia maji kutoka debe letu. Sasa dereva yeyote anajua la kufanya pale. Gari limetazama mlima, halina stata, hendeli haishiki: unatoa gogo, unaliachia lirudi kinyumenyume kwenye mteremko, unatia gia ya kurudi nyuma, unaachia klachi, linawaka. Ni kazi ya muda mfupi sana. Nikamweleza Elia.

"Linarudi nyuma?" akauliza.

"Kidogo tu. Mpaka liwake."

"Na yeye akiwa ndani?"

Nilikuwa nimeshaelewa.

"Maiti harudi nyuma," Elia akasema. "Akishatoka, ametoka. Ukimrudisha alikotoka hata hatua moja, umemwambia hakuna anayemngoja. Atatafuta njia mwenyewe. Sitaki. Afadhali tumshushe, nitambeba."

"Mpaka Ipelele?"

"Mpaka nitakapokwama."

Wakinga wenzake walitazama chini. Pamoja naye walikuwa wanne tu, na jeneza la mbao nzito, na Ukinga bado ilikuwa nyuma ya milima kadhaa. Wote tulijua angekwama wapi. Nikasema tulisukume kwenda juu. Tukajaribu, mimi nikiwa dirishani nimeshika usukani na bega kwenye mlango. Lori halikusogea hata upana wa kiganja.

Yule mzee alikuwa akitutazama muda wote. Jeneza la mama yake bado lilikuwa mabegani mwa watoto na wajukuu. Huku haliwekwi chini njiani. Likitoka uani linatua kaburini. Akawarudia watu wake, akaongea Kibena kwa sauti ndogo. Nilielewa kidogo tu. Kijana mmoja akapinga, akionyesha jeneza kwa kidevu, si kwa kidole. Mzee akamjibu, na watu kadhaa wakatabasamu huku machozi yakiwa bado mashavuni. Baadaye niliambiwa alisema nini: "Unamjua bibi yako. Amewahi kumwona mtu anasukuma kitu peke yake, asimtukane aliyesimama kumtazama?"

Wabebaji sita walibaki pale ukutani na mama yao. Wanaume wengine wote walikuja. Waliziweka kofia zao juu ya majani, mstari mmoja, wakazunguka lori. Wanawake wenye nguvu wakashika kamba ya kufungia turubai tuliyoifunga mbele. Hakuna aliyehesabu "moja, mbili, tatu," hakuna aliyeimba wimbo wa kazi, kwa sababu huwezi kuimba wimbo wa kazi mbele ya maiti. Mzee aliinua fimbo, akaishusha, wakasukuma. Kila fimbo iliposhuka lori lilipanda kidogo, na Mkinga mmoja alifuata nyuma na gogo, akalitia chini ya gurudumu kila waliposimama kuvuta pumzi. Ulisikika mchanga tu chini ya miguu, na kukohoa kwa wazee.

Tulipopita usawa wa jeneza la yule mama, watu wote waliacha kusukuma. Hawakuambiwa. Gogo likaingia. Elia alisogea, akachuchumaa mbele ya jeneza, akapiga makofi ya taratibu ya viganja vilivyokunjwa, kama anavyoomba ruhusa mtoto mlangoni mwa mkubwa. Mmoja wa wabebaji, jasho likimtiririka, akafumba macho na kuyafumbua. Hiyo ndiyo ruhusa aliyoweza kuitoa. Elia akanyanyuka, wakasukuma tena.

Kileleni lori lilisimama lenyewe kidogo, likafikiri, halafu pua ikainamia mteremko wa upande wa Njombe. Nilirukia ndani. Wakinga wakarukia nyuma. Niliachia klachi, likakohoa, likawaka. Sikuweza kusimama tena kuwapa asante, na wao hawakuitaka. Mtu wa msiba hashukuriwi njiani na wala haagwi. Kwenye kioo niliwaona wanaokota kofia zao kwenye majani, wakizipangusa, na hawazivai. Wimbo ulianza tena palepale ulipokatika.

Barabara ilikwisha mchana ukiwa umeshapinda. Nililiegesha lori likitazama bondeni na kulizima. Watu wa Ipelele walikuwa wameshapata habari, sijui kwa njia gani, na walikuwa wanangoja kwenye ukungu na mablanketi mabegani. Hawakutusalimu. Walipokea jeneza. Njiani kwenda makaburini tulikutana na mtu mmoja tu, mzee aliyebeba mzigo wa mianzi. Aliutua, akavua kofia, akakaa chini kabisa. Mama yake Elia aligeuza kichwa akamtazama yule mtu wa mianzi, na ndipo alipoanza kulia. Yona alizikwa kabla jua halijazama.

Niliporudi, Bwana Usafiri alikuwa gereji. Nikamweleza yote bila kupunguza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwetu nako tunasimama," akasema. "Baba yangu alisimama barabarani kwa kila jeneza, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini kwetu magari yanawaka."

"Ndiyo, bwana."

"Yule mzee ni nani?"

"Simjui jina, bwana. Sikumwuliza."

"Hukumwuliza?"

"Haulizwi, bwana."

Alitoa kiko mdomoni, akakitazama, akakirudisha. Nilidhani mambo yameisha. Lakini kulikuwa na wakubwa juu yake, na hao hawakuwa wamepanda kilima kile. Amri ilikuja kabla baridi haijakwisha, na yeye ndiye aliyetusomea, akiwa amesimama mbele ya magari: magari ya kampuni hayatabeba maiti tena. Atakayefia shambani atazikwa shambani. Aliposema hivyo hakunitazama. Mzee Mligo, karibu yangu, akanong'ona, "Huyu naye ana mkubwa wake. Sote tunapisha mtu."

Haikuchukua muda akafa Mpangwa mmoja, fundi wa kuchonga mipini ya mashoka, mtu wa upande wa Mchuchuma, mzee kidogo, mcheshi. Kwao ni mbali na hakuna ndugu aliyekuwa shambani. Tulimwosha wenyewe. Mzee Mligo aliomba dua ya Kilutheri, mimi nikaitikia kimoyomoyo kwa namna yangu. Wabebaji walikuwa sita, nami nikawa mmoja wao, kwani pale hakukuwa na ndugu wa kupangwa.

Makaburi ya shamba yalikuwa nyuma ya miwati, kwenye njia ya kampuni. Njia ile ilikuwa na geti, na watu wa nje hawakuruhusiwa. Miwati ilisimama pande zote mbili imenyooka, mistari mirefu, hakuna ndege. Tulitembea. Nilikuwa nikitazama mbele muda wote, nikitegemea kuona mtu anakuja na kikapu, au baiskeli, au hata mbwa wa mtu. Nilitaka atue mzigo. Nilitaka asimame upande wa chini, ainamishe macho, asijue aliyekufa ni nani, asiulize. Njia ilikuwa safi, imefagiliwa, na hakuna aliyetupisha, kwa sababu hakuna aliyepita.

Nimefanya kazi mahali pengi baada ya hapo: Mbeya, Kilwa, migodini Geita, na sasa hapa. Vijana huniuliza kazi ipi ilikuwa ngumu zaidi, wakidhani nitataja tope la Kilwa. Udereva haukunichosha popote kama ulivyonichosha mwendo ule mfupi wa miguu.

Asubuhi yake nilimpelekea Bwana Usafiri ufunguo wa lori. Akauliza kama nimepata kazi kwingine. Nikasema sijapata.

"Unakwenda wapi basi?"

"Barabarani, bwana."

Hakunizuia. Nilichukua sanduku langu, nikatoka getini, nikatembea mpaka barabara kuu ya Makambako, nikasimama ukingoni upande wa chini kungojea gari.